Miaka 14 ya Lubanga: tutenganishe sababu za adhabu na hesabu ya kifungo

Kila mara korti inapotoa adhabu kwa mkubwa wa kikundi chenye silaha, habari inafika kwa raia ikiwa imechanganywa. Redio inasema: “Amehukumiwa miaka kadhaa kwa sababu aliua, alipora, alikuwa mkubwa wa askari, lakini alikuwa na adabu mbele ya majuji.” Yote inawekwa katika sufuria moja. Msikilizaji wa Bunia, wa Beni ao wa Bukavu anabaki na ulizo moja tu: mbona miaka ni kidogo? Na kwa kuwa hakuna mtu aliyemuonyesha namna hesabu ilivyofanywa, anajijibu mwenyewe: majuji walinunuliwa, ao wazungu hawajali damu yetu.

Maoni yangu ni haya: hasira ya raia ina haki yake, lakini mara nyingi inapiga mlango usio wake. Ili ipige mlango unaofaa, lazima sisi tunaoandika na kusoma habari tujifunze kutenganisha vitu viwili. Kwanza, ni mambo gani yaliyozidisha ao kupunguza adhabu? Pili, idadi ya miaka ya mwisho ilipatikana namna gani? Haya ni maulizo mawili tofauti, na katika hukumu yanajibiwa katika sehemu tofauti.

Nachukua mfano ambao watu wa Ituri wanaujua vizuri: adhabu ya Thomas Lubanga, aliyekuwa mkubwa wa UPC, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, CPI, kule La Haye. Alikutwa na hatia tarehe 14 Machi 2012. Adhabu ilitangazwa tarehe 10 Julai 2012: miaka 14. Lilikuwa neno la kwanza la adhabu katika historia ya korti ile, na hadi leo linaelezwa vibaya.

Tuanze na kosa lenyewe, maana hapo ndipo uchanganyiko wa kwanza unatokea. Lubanga hakuhukumiwa kwa vita yote ya Ituri. Alihukumiwa kwa kuandikisha watoto wenye chini ya miaka 15 katika jeshi la FPLC, tawi la silaha la UPC, na kuwatumia vitani, kuanzia mwanzo wa Septemba 2002 hadi tarehe 13 Agosti 2003. Mauaji, vijiji vilivyochomwa, wanawake waliobakwa: hayo hayakuwa katika karatasi ya mashtaka. Juji anatoa adhabu kwa kosa lililoshtakiwa na kuthibitishwa, si kwa kila ubaya ambao watu wanaujua kuhusu mtu.

Kisha majuji walipima uzito wa kosa. Hii ni hatua ya peke yake, nayo inakuja mbele ya mengine yote. Walisema kwamba watoto wanahitaji ulinzi wa pekee, kwamba uandikishaji ulienea sana, na kwamba Lubanga alikuwa na nafasi kubwa katika mpango ule. Waliangalia pia hali yake binafsi: ni mtu mwenye akili na masomo, hivyo alielewa vema ubaya wa alichokifanya. Mambo haya yote yanaonyesha kwamba kosa ni zito. Lakini angalia: hayaitwi bado mambo yanayozidisha adhabu. Ni msingi ambao nyumba itasimama juu yake.

Baada ya msingi, majuji waliingia katika mambo yanayozidisha adhabu. Hapa sheria ni kali. Jambo linalozidisha adhabu lazima lithibitishwe bila shaka yoyote ya msingi, sawa na kosa lenyewe. Prokireri alileta mambo manne. Alisema watoto waliadhibiwa vikali katika kambi za mafunzo. Alisema wasichana walibakwa. Alisema kulikuwa na ubaguzi dhidi ya wasichana. Na alisema walioumizwa walikuwa wanyonge kabisa kwa sababu ya umri wao.

Majuji walikataa yote manne. Kila moja lilikataliwa kwa sababu yake, na ni lazima tuzieleze moja kwa moja.

Umri wa watoto ulikataliwa kwa sababu ulikuwa umekwisha kuhesabiwa. Kosa la kuandikisha mtoto haliwezi kuwepo kama huyo mtu si mtoto wa chini ya miaka 15. Umri ni sehemu ya kosa na ni sehemu ya uzito wake. Kama juji angeuchukua tena na kuuita jambo linalozidisha adhabu, angekuwa anamlipisha mshtakiwa deni moja mara mbili. Mtu anayedai franga zake sokoni anaelewa hii haraka: ukishalipwa, huwezi kuonyesha karatasi ile ile mara ya pili.

Adhabu za kambini zilikataliwa kwa sababu nyingine. Korti haikukuta ushahidi wa kutosha kwamba Lubanga mwenyewe aliziagiza, alizihimiza, ao alizijua kwa namna ya kumfanya ajibu juu yake.

Ubakaji ndio unaouma zaidi, nao unastahili maelezo marefu. Majuji hawakusema kwamba wasichana hawakubakwa. Walisema kwamba, katika faili lililokuwa mbele yao, uhusiano kati ya Lubanga na ubakaji ule haukuthibitishwa bila shaka. Tena walimlaumu waziwazi Luis Moreno-Ocampo, aliyekuwa prokireri wakati ule. Hakuomba kuweka ubakaji katika mashtaka, wala hakuleta ushahidi wa kutosha wakati wa kupima adhabu, lakini alitaka uhesabiwe juu ya mshtakiwa. Anayesema “majuji wa CPI walisamehe ubakaji” anaelekeza lawama mahali pasipo pake. Mlango ulifungwa mapema zaidi, katika ofisi iliyoandika mashtaka.

Ubaguzi nao haukuthibitishwa. Basi upande wa mambo yanayozidisha adhabu ulibaki mtupu. Sifuri. Habari yoyote inayosema “Lubanga alipewa miaka 14 kwa sababu ya mambo mazito yaliyoongezwa juu ya kosa” ni habari ya uongo, hata kama mwandishi hakukusudia kudanganya.

Tuje sasa katika mambo yanayopunguza adhabu. Hapa kipimo kinabadilika. Hayahitaji kuthibitishwa bila shaka yoyote; inatosha yaonekane kuwa ya kweli kuliko kutokuwa ya kweli. Tena si lazima yahusu kosa lenyewe. Hata mwenendo wa mtu ndani ya korti unaweza kuhesabiwa. Avoka wa Lubanga walisema kwamba hali ya vita ilimlazimisha, kwamba alitafuta amani, na kwamba alitoa amri za kuwarudisha watoto nyumbani. Majuji hawakuyapa mambo hayo nafasi ya maana. Mtu anayesema alitafuta amani huku akitumia watoto kama askari ili kufika huko, hawezi kutegemea sana neno hilo.

Jambo moja tu lilikubaliwa. Lubanga aliheshimu korti na kushirikiana nayo muda wote, ingawa kesi yake ilikuwa na matatizo makubwa yaliyotokana na upande wa prokireri. Kesi ilisimamishwa mwaka wa 2008 kwa sababu prokireri alishindwa kutoa karatasi zilizoweza kumsaidia mshtakiwa. Ikasimamishwa tena mwaka wa 2010 kwa sababu alikataa kufuata amri ya majuji juu ya mtu aliyekuwa akiunganisha ofisi yake na mashahidi. Na kulikuwa na matamshi ya kupotosha kuhusu kesi, yaliyotolewa na mtumishi wa ofisi hiyo mbele ya waandishi wa habari. Katika yote haya, mshtakiwa alibaki mtulivu. Hilo ndilo liliwekwa katika kikapu cha kupunguza.

Hadi hapo hatujataja mwaka hata mmoja, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Mambo ya kuzidisha na kupunguza yanajibu ulizo la kwanza. Hayana bei iliyoandikwa. Hakuna mahali katika hukumu panaposema kwamba ushirikiano na korti ulipunguza miaka miwili ao mitano. Majuji walipima yote pamoja, kisha wakatoa idadi. Mwandishi anayeandika “alipunguziwa miaka kadhaa kwa sababu ya adabu yake” anatunga hesabu ambayo majuji hawakuiandika.

Sasa hesabu yenyewe. Sheria ya CPI inaweka mpaka: kifungo hakipite miaka 30, isipokuwa kifungo cha maisha pale uzito wa kupita kiasi wa kosa na hali ya mhukumiwa vinapokidai. Ndani ya mpaka huo, prokireri aliomba miaka 30, na akasema angekubali 20 kama Lubanga angeomba msamaha wa kweli kwa walioumizwa na kusaidia kuzuia makosa mengine. Alipendekeza pia korti ianze hesabu kila mara kwenye asilimia 80 ya mpaka wa juu, kisha ipande ao ishuke. Majuji walikataa pendekezo hilo. Walisema adhabu lazima ilingane na kosa lililo mbele yao, na namba iliyopangwa mbele ya wakati ingeharibu ulinganifu huo. Kumbe miaka 30 ya prokireri ilikuwa ombi lake tu. Haikuwa mahali ambapo majuji walianza kushuka kuelekea 14.

Walichofanya ni kutoa adhabu kwa kila kosa peke yake. Kwa kuandikisha watoto kwa nguvu: miaka 13. Kwa kupokea watoto waliojiunga wenyewe: miaka 12. Kwa kuwatumia vitani: miaka 14. Ukijumlisha unapata 39, na wengi walijumlisha hivyo, wakauliza ile miaka 25 imekwenda wapi. Haikwenda popote, sababu haikuwepo. Sheria ya korti ile inasema kwamba baada ya adhabu za kila kosa, majuji wanatoa adhabu moja ya pamoja. Adhabu hiyo haiwezi kuwa chini ya ile kubwa kati ya zote, wala kupita mpaka wa juu. Kubwa ilikuwa 14. Majuji wakasema: 14 kwa yote.

Baada ya hapo kunakuja hatua nyingine, nayo ni ya kalenda tu. Sheria inalazimisha kutoa siku ambazo mtu amekwisha kukaa gerezani kwa amri ya korti. Lubanga alikuwa mikononi mwa CPI tangu tarehe 16 Machi 2006. Kutoka siku hiyo hadi tarehe ya adhabu ni miaka 6 na karibu miezi 4. Ilibaki kama miaka 7 na miezi 8. Ndiyo maana alitoka tarehe 15 Machi 2020, siku ambapo miaka 14 ilitimia. Mwaka wa 2012 watu wengi walisikia kwamba “amebakiza miaka minane” wakadhani ni huruma ya majuji. Haikuwa huruma. Siku za gereza zilizopita ni sehemu ya adhabu, haziipunguzi.

Kuna pia hatua ya baadaye ambayo watu wanaichanganya na mambo ya kupunguza adhabu. Mhukumiwa akimaliza theluthi mbili ya kifungo, majuji watatu wa rufaa wanaangalia kama kuna sababu ya kukifupisha. Kwa Lubanga, theluthi mbili ilitimia Julai 2015. Majuji walikataa kumfupishia mwezi Septemba mwaka ule, na wakakataa tena mwaka wa 2017. Kwa Germain Katanga, aliyepewa miaka 12 kwa shambulizi la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, jibu lilikuwa tofauti: tarehe 13 Novemba 2015 alifupishiwa miaka 3 na miezi 8. Lakini hata hapo, adhabu yake ilitolewa kuwa miaka 12 na haikubadilishwa kuwa 8. Kilichofupishwa ni muda wa kuitumikia, kwa sababu ya mambo yaliyotokea baada ya hukumu.

Mtu anaweza kuniuliza: faida ni gani ya kutenganisha haya yote, na mtoto aliyeibiwa utoto wake harudishiwi? Najibu kwa kulinganisha na kesi nyingine ya kikundi kile kile. Bosco Ntaganda alikuwa mkubwa wa kijeshi katika FPLC hiyo hiyo. Tarehe 7 Novemba 2019 alipewa miaka 30. Kwake, ubakaji wa watoto askari wenye chini ya miaka 15 uliandikwa kama shtaka la peke yake. Ulipewa adhabu ya peke yake, miaka 17. Utumwa wa ngono dhidi ya watoto hao ulipewa miaka 14, ambayo ni sawa na kifungo chote cha Lubanga. Kuandikisha na kutumia watoto kulipewa miaka 18. Mauaji yalipewa 30, na mateso kwa sababu ya kabila 30 pia. Ukijumlisha adhabu zote za Ntaganda unapita miaka 200, lakini kwa sheria ile ile adhabu ya pamoja ilikuwa 30: haikuweza kushuka chini ya kubwa, na kubwa ilikuwa imegusa mpaka. Kilichobaki juu yake kilikuwa kifungo cha maisha, ambacho majuji hawakukiona kuwa cha lazima.

Tazama tofauti hiyo vizuri. Wasichana wa kikundi kimoja, katika vita moja. Katika faili moja mateso yao yaliletwa kama jambo la kuzidisha adhabu, bila ushahidi wa kutosha, yakaanguka. Katika faili lingine yaliletwa kama kosa lenyewe, yakathibitishwa, yakapata miaka yake. Atakayesoma namba za mwisho tu, 14 na 30, ataona majuji wapole na majuji wakali. Atakayetenganisha sababu na hesabu ataona kwamba jambo kubwa liliamuliwa siku karatasi ya mashtaka ilipoandikwa. Hapo ndipo familia za walioumizwa, mashirika ya haki za binadamu na avoka wao wanapaswa kusukuma, mapema, kabla kesi haijaanza. Kulia siku ya adhabu ni kulia wakati mlango umefungwa.

Sisemi kwamba majuji hawawezi kukosolewa. Wanaweza, na hata kati yao walikosoana. Juji Elizabeth Odio Benito hakukubali adhabu ya wenzake wawili. Yeye aliona kila kosa kati ya matatu linastahili miaka 15, kwa sababu wenzake hawakupima vya kutosha madhara waliyopata watoto na familia zao, hasa adhabu kali za kambini na ubakaji. Angalia mahali alipoweka kidole: hakugusa hesabu. Hata kwake kanuni ya adhabu ya pamoja ilibaki ile ile, 15 na 15 na 15 ikawa 15. Alichokipinga ni kipimo cha madhara. Huo ndio ukosoaji wenye meno, maana unasema wazi ni hatua gani ilikosewa. Korti ya rufaa nayo ilithibitisha miaka 14 tarehe 1 Desemba 2014, kwa wingi wa kura.

Basi ningependa habari ya adhabu ile ingesomwa hivi redioni: “Thomas Lubanga amepewa miaka 14 kwa kuandikisha na kutumia watoto askari. Majuji wameona kosa ni zito sana. Hawakukuta jambo lolote la kuzidisha adhabu. Ubakaji haukuhesabiwa kwa sababu prokireri hakuushtaki wala kuthibitisha uhusiano wake na Lubanga. Wamekubali jambo moja la kupunguza: ushirikiano wake na korti. Hawakusema limepunguza miaka mingapi. Kwa makosa matatu wametoa miaka 13, 12 na 14. Adhabu ya pamoja ni 14. Kwa kuwa yuko kizuizini tangu Machi 2006, imebaki karibu miaka 8. Juji mmoja kati ya watatu alitaka 15.”

Inasomwa kwa dakika moja. Haina neno gumu. Haimtetei mhukumiwa wala haifichi uchungu wa walioumizwa. Korti za kijeshi za hapa kwetu zina sheria yao ya kujumlisha adhabu, na hesabu ya La Haye haiwezi kubandikwa juu yake. Lakini maulizo ni yale yale, na kila raia ana haki ya kuyauliza mbele ya hukumu yoyote: kosa gani limeshtakiwa? Nini kimezidisha, nini kimepunguza, na kimethibitishwa namna gani? Kila kosa limepewa ngapi, na ya pamoja ni ngapi? Siku zipi zimetolewa? Mwandishi wa habari asiyeweza kujibu hayo manne, asome hukumu tena kabla ya kufungua mikro.